Kodi Imepanda: Kweli au Si Kweli?

Umewahi kupanga Kiwalani, Vingunguti au Yombo? Basi barua hii umeiona. Karatasi moja ya daftari imebandikwa kwa gundi juu ya mlango wa uani, au mama mwenye nyumba amempa mwanawe azungushe chumba kwa chumba: "Wapangaji wote mnajulishwa kuwa kuanzia tarehe 1 Mei kodi itakuwa shilingi 80,000 badala ya 60,000 kutokana na kupanda kwa gharama za maisha. Asiyeweza aanze kutafuta pengine." Tarehe iliyoandikwa juu ni 20 Aprili.

Kabla gundi haijakauka, uani pamekuwa baraza. Mmoja anasema serikali imekataza kupandisha kodi. Wa pili anasema notisi ni miezi mitatu, sheria iko wazi. Wa tatu, ambaye daima ana shemeji mwanasheria, anasema nyumba ni ya mwenyewe na akitaka kesho atupandishie mara mbili. Wote wanaongea kwa uhakika, na wote hawawezi kuwa sahihi.

Tuichukue nyumba hiyo kama mfano: vyumba sita, kila chumba shilingi 60,000 kwa mwezi, wapangaji wamelipa miezi sita kuanzia Januari hadi Juni. Kisha tuyapime maneno ya uani moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Serikali ina kikomo cha kupandisha kodi ya nyumba."

Si kweli. Lakini aliyekuambia hakuota, amechelewa tu kupata habari.

Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa na udhibiti wa kodi za nyumba. Sheria ya mwisho ya aina hiyo ilikuwa ya mwaka 1984. Chini yake kulikuwa na mabaraza ya nyumba yaliyoweza kupanga kiwango cha kodi, na mwenye nyumba hakuweza kujiamulia tu. Mzee aliyepanga Ilala au Temeke wakati huo anakumbuka vizuri watu walivyokwenda barazani kulalamikia nyongeza, wengine wakashinda. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ya chumba ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mpangaji, na mapatano hayo yanaongozwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo haitaji asilimia yoyote ya nyongeza.

Na ile "asilimia kumi kwa mwaka" inayotajwa sana? Hiyo ipo, ila ni ya Uganda. Sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 ndiyo iliyoweka kikomo hicho. Ukiipeleka kwa baba mwenye nyumba wa Kiwalani, atakuuliza ulishuka lini kutoka Kampala.

Dai la 2: "Nyumba ni yake, anaweza kupandisha siku yoyote anayotaka."

Si kweli. Huyu shemeji mwanasheria aulizwe alisomea wapi.

Nyumba ni yake, ndiyo. Lakini Januari alipokea shilingi 360,000 kutoka kwa kila mpangaji, akakubali kwamba fedha hizo ni za chumba mpaka tarehe 30 Juni. Hapo amekwisha kuuza. Ni sawa na muuza mahindi aliyekupimia debe, akapokea hela, kisha akakukimbiza njiani kukwambia bei imepanda. Mapatano hubadilishwa na pande zote mbili. Upande mmoja hauwezi kuyabadili peke yake kwa karatasi ya ukutani.

Kwa hiyo ile "kuanzia tarehe 1 Mei" haina nguvu kwa mpangaji aliyelipia mpaka Juni, isipokuwa mkataba wake unaruhusu nyongeza katikati ya muda. Mikataba mingine ina kifungu hicho, tena kimejificha chini karibu na sahihi. Kisome kabla hujapandisha sauti.

Jambo moja la kuangalia hapa: ukiitikia kwa kulipa tofauti ya Mei na Juni bila neno, umekubali. Huwezi kurudi Agosti kudai ulionewa. Kama hukubaliani, sema mapema, tena kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu: "Nimepokea barua. Kodi yangu imelipwa mpaka 30 Juni kwa shilingi 60,000. Tuzungumze kuhusu Julai." Sentensi tatu hizo zinatosha, na hazina matusi.

Dai la 3: "Kisheria notisi ni miezi mitatu."

Nusu kweli. Miezi mitatu ni desturi, na wengi wameiandika kwenye mikataba yao. Ikiwa imo kwenye mkataba wako, inamfunga mwenye nyumba na inakufunga wewe pia unapotaka kuhama. Lakini hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachosema "kupandisha kodi ya chumba, notisi miezi mitatu."

Sheria inasema nini basi? Kwa upangaji usiokuwa na mwisho uliotajwa, ule wa "kaa tu ndugu yangu, tutaelewana", kifungu cha 79 kinahesabu muda kwa kuangalia kodi hulipwa kwa kipindi gani. Anayelipa mwezi kwa mwezi ni mpangaji wa mwezi kwa mwezi. Upande unaotaka kuvunja upangaji wa namna hiyo lazima utoe notisi isiyopungua kipindi hicho kimoja, na notisi iishie siku ya kulipa kodi.

Sasa unaona kwa nini hilo linagusa barua ya nyongeza. Nguvu halisi ya mwenye nyumba haimo katika kutangaza bei mpya, imo katika kuweza kusema: "Tusipoelewana bei, upangaji huu unaisha." Kama kuumaliza kunahitaji angalau kipindi kimoja cha kodi, basi barua ya siku kumi na moja kabla ni kitisho kisicho na meno.

Hapa ugomvi mara nyingi huzuka juu ya kipindi chenyewe. Mwenye nyumba atasema kodi ni ya mwezi, miezi sita ni namna ya kulipa tu. Mpangaji atasema tumezoeana miaka minne kulipana kila miezi sita, hicho ndicho kipindi. Kila mmoja ana hoja, na kinachoamua ni maneno ya mkataba au ya risiti. Risiti iliyoandikwa "kodi ya miezi sita, Januari hadi Juni" inasema zaidi ya iliyoandikwa "nimepokea 360,000".

Desturi ya miezi mitatu tusiidharau, kwa sababu ina akili ndani yake. Kuhama Dar es Salaam si kubeba godoro tu. Unahitaji kodi ya miezi sita ya kule uendako mkononi, dalali anataka ya mwezi mmoja juu, na kirikuu ya kuhamisha vyombo haiji bure. Kwa chumba cha 60,000 hiyo ni shilingi 420,000 kabla hujamlipa mwenye gari. Anayelipwa mwisho wa mwezi haipati kwa siku kumi na moja. Katika miezi mitatu anaweza kuikusanya, au kuamua kubaki na kulipa zaidi. Waliozoea miezi mitatu walihesabu vizuri.

Dai la 4: "Kodi ya majengo ya kwenye LUKU ndiyo inayopandisha kodi za vyumba."

Si kweli. Hili linapendwa sana na waandika barua, na linasaidiwa na lugha yetu, kwa kuwa neno "kodi" linabeba mzigo wa serikali na wa mwenye nyumba kwa pamoja. Tuyatenganishe kwa namba.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye ununuzi wa umeme Agosti 2021. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 kiwango kikapanda hadi 1,500. Nyongeza ni shilingi 500 kwa nyumba nzima. Igawe kwa vyumba vyetu sita: kila chumba kinabeba shilingi 83. Hata ukimtwisha mpangaji kodi yote ya 1,500, fungu lake ni shilingi 250. Barua inaongeza 20,000.

Kuna kichekesho ndani yake pia. Makato hayo humkuta anayenunua umeme. Kwenye nyumba za kupanga mara nyingi ni wapangaji wanaochanga kununua. Maana yake kodi hiyo, ambayo kwa haki ni ya mwenye jengo, tayari wanaibeba wao. Mwenye nyumba anayeitaja kama sababu ya nyongeza anawatoza mara mbili kwa kitu ambacho hajakilipa mara moja. Mpangaji aliyetunza ujumbe wa LUKU unaoonyesha makato ana haki ya kuleta hesabu hiyo mezani.

Dai la 5: "Mwenye nyumba halazimiki kutoa sababu."

Kweli. Lakini mwenye nyumba mwerevu hutoa, na mpangaji mwerevu huzipima.

"Gharama za maisha zimepanda" ni sababu ya kila mtu, na inapimika. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei. Wastani wa mwaka 2022 ulikuwa asilimia 4.3, mwaka 2023 asilimia 3.8, na mwaka 2024 asilimia 3.1. Tuseme kodi ya nyumba yetu ilikaa kwenye 60,000 miaka yote hiyo mitatu. Ukiipandisha kufuata mfumuko, unafika takribani 67,000. Hiyo ni nyongeza ya elfu saba, na mwenye nyumba anayeiomba haonei mtu: elfu sitini ya leo hainunui ilichonunua wakati ule.

Sababu ya pili huwa "ukarabati". Hapa panahitaji jicho. Anayepangisha vyumba ndani ya jengo lake ana wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, mkataba ukiwa kimya. Bati lililovuja masika mbili likabadilishwa ni wajibu uliochelewa, na wapangaji walikwisha kulilipia kwa kodi ya zamani, pamoja na ndoo walizokinga. Kitu kipya ambacho hakikuwepo ni hadithi nyingine. Tuseme amenunua simtanki na pampu na kumwekea kila mpangaji mita yake ya kugawa umeme, jumla shilingi 1,080,000. Akitaka kuzirudisha kwa miaka mitatu, ni shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 5,000 kwa chumba. Ongeza juu ya 67,000, tumefika 72,000.

Zinabaki elfu nane mpaka zile 80,000. Hizo ni za soko: chumba kama hicho Kiwalani Bombom kinaondoka kwa bei gani? Barabara ya Nyerere imejengewa njia ya mwendokasi kwenda Gongo la Mboto, na vyumba vilivyo karibu na kituo hupata wateja haraka. Hiyo nayo ni sababu halali, ila iitwe kwa jina lake. Mwenye nyumba akisema "soko limepanda", unaweza kuzunguka mitaa miwili ukaulizia. Akiificha nyuma ya LUKU, anajichafulia hoja ambazo zilikuwa safi.

Kwa hiyo mpangaji anayeingia kwenye mazungumzo akiwa na 72,000 kichwani ana hesabu. Anayeingia na "utatuua mzee" ana kilio tu, na kilio baba mwenye nyumba amekwisha kukizoea.

Dai la 6: "Ukigoma kulipa nyongeza, anaweza kukutolea vyombo nje."

Si kweli. Kufunga kufuli juu ya kufuli lako, kung'oa mlango, kuezua bati au kukata maji ili uondoke si njia ya kisheria, hata kama imezoeleka. Mpangaji asiyetaka kutoka hutolewa kwa amri ya chombo chenye mamlaka.

Njia yenyewe ni hii. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni wa kwanza, nao humaliza mengi kwa kukaa kwenye benchi moja na kusoma karatasi. Wao ni wapatanishi, hawatoi hukumu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kwa migogoro ya ardhi na nyumba kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko kwenye kuamua. Kiwalani iko Ilala ingawa wengi huihesabu pamoja na Temeke, basi usipoteze nauli kwenda wilaya isiyo yako.

Ila usilisome dai hili upande mmoja. Kugomea nyongeza si kugomea kodi. Anayeacha kulipa chochote kwa hasira anampa mwenye nyumba sababu ambayo hakuwa nayo: deni. Lipa kiwango cha zamani, kwa wakati, kwa benki au kwa simu ili alama ibaki. Na muda wako ukiisha kwa notisi sahihi na hamkuelewana, sheria haikupi haki ya kubaki milele kwa bei ya zamani.

Dai la 7: "Asiye na mkataba wa maandishi hana haki yoyote."

Si kweli, ingawa wahenga walijua kwa nini watu wanaogopa. Sheria ya Ardhi inatambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata ukiwa wa mdomo. Mama anayekaa chumba cha uani kwa maneno tu ni mpangaji kamili, na barua ya siku kumi na moja haimhusu zaidi ya jirani yake mwenye mkataba wa kurasa nne.

Tatizo linakuja pale kila mmoja anapokumbuka mdomo wake. "Nilisema elfu sitini kwa muda tu." "Ulisema mpaka mwanangu amalize shule." Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo wahenga wanapewa alama zote. Daftari la risiti la duka la vifaa vya shule linatosha: tarehe, kiasi, miezi inayolipiwa, sahihi mbili.

Sasa tuirudie ile karatasi ya mlangoni. Ingeandikwa hivi, uani pangekuwa kimya zaidi:

> 1 Aprili
>
> Kwa wapangaji wote.
>
> YAH: MABADILIKO YA KODI YA VYUMBA
>
> Kodi ya sasa ni shilingi 60,000 kwa mwezi, nayo haijabadilika kwa miaka mitatu. Kuanzia tarehe 1 Julai, baada ya miezi mliyokwisha kulipia kumalizika, napendekeza iwe shilingi 75,000.
>
> Sababu ni tatu: bei za vitu kwa miaka hiyo, simtanki, pampu na mita za umeme nilizoweka, jumla shilingi 1,080,000, na bei ya vyumba vya aina hii hapa mtaani. Risiti za vifaa ninazo, atakayependa azione.
>
> Kiwango kipya hakitabadilika kwa miezi kumi na miwili. Mwenye maoni anione kabla ya tarehe 30 Aprili. Atakayeamua kuhama anijulishe kabla ya tarehe 31 Mei, na atakaa kwa kodi ya zamani mpaka 30 Juni.
>
> Mwenye nyumba (sahihi)
>
> Nimepokea: jina la mpangaji, tarehe, sahihi

Angalia kilichobadilika. Tarehe ya kuanza imefuata mwisho wa muda uliolipwa. Notisi ni miezi mitatu kamili. Kila sababu inaweza kukaguliwa, na LUKU haimo. Neno "napendekeza" limeacha mlango wa mazungumzo wazi, na mstari wa kupokea chini unamlinda mwenye nyumba siku mpangaji atakaposema hakuwahi kuiona.

Barua hiyo ni ya ukurasa mmoja. Kama wewe ndiye mwenye nyumba, inakili, weka namba zako. Kama wewe ni mpangaji na umepokea ile ya siku kumi na moja, usiichane. Iandike tarehe uliyoipokea, ipige picha, kisha kachukue risiti yako ya Januari uangalie imeandikwa miezi mingapi.